Tabaruku Katika Kitabu cha Mizani

Waraka wa Nne kwa Waandishi, uliotiwa saini na mkurugenzi wa shirika la uchapishaji na kupigwa muhuri mara mbili ili asitokee wa kubisha, unatamka bayana kwamba tabaruku si barua. Tabaruku, yaani maneno ya kumkabidhi mtu kitabu, waraka unaendelea, hukaa peke yake katika ukurasa wa tano, upande wa kulia, bila kichwa na bila nambari, na nyuma yake ukurasa huachwa mtupu. Ni ya mwandishi, hivyo haihaririwi. Haimwombi mtu kitu, haimwahidi mtu kitu, wala haingoji jibu.

Fundi mizani aliusoma waraka huo mara tatu, kama alivyosoma kila karatasi yenye muhuri tangu aanze kazi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akizunguka masokoni na maghalani, akifungua mizani, akisafisha springi, akirudisha sindano kwenye sifuri, kisha akifunga kila kitu kwa lakiri ili asiguse mwingine. Wafanyabiashara walimbandika jina la Gramu, kwa kuwa hakuwahi kumsamehe mtu hata moja. Jina lilimkaa. Hata mkewe alipomkasirikia alimwita Gramu, na alipofurahi alimwita Fundi.

Kitabu chenyewe kilizaliwa kwa uchovu. Chuo cha ufundi kilimtumia vijana wa kufundishwa mwaka baada ya mwaka, naye kila mwaka alirudia maneno yaleyale, mpaka akaona heri ayaandike mara moja apumzishe koo. Aliyaandika kwa Kiswahili. Haikuwa lugha ya mama yake. Aliikuta ukubwani, alipohamia mji ule kutafuta kazi, na aliyemfundisha sehemu yake kubwa ni msichana wa duka la vyuma ambaye hatimaye alimwoa. Alianza kumfundisha majina ya misumari. Baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa, fundi aliweza kueleza kwa lugha hiyo jinsi ya kurekebisha mizani ya tani tano bila kukwama. Ila ukimwondoa kwenye mizani, alikwama.

Kwa lugha yake mwenyewe alikuwa mtu mwingine. Ndugu zake walipompigia simu alicheka, aliiga sauti za watu, alisimulia kisa kimoja nusu saa na kukiacha pale kinaponoga. Mkewe alikuwa akisimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akimtazama mgeni huyo. Akiuliza wamecheka nini, fundi alijibu kwamba haitafsiriki.

“Basi mimi nimeolewa na fundi,” mkewe alisema siku moja, bila hasira. “Msimulizi mmembakisha kwenu. Wewe kwa lugha yangu huniambii neno ambalo humwambii mteja.”

Fundi alitafuta jibu. Alilolipata lilikuwa “sawa”, na hilo nalo wateja walikuwa wakiambiwa kila siku.

Mkewe hakuondoka kwa ugomvi. Mama yake aliugua, yeye akafunga begi dogo, akasema ni wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi, akaagiza begi kubwa, fundi akalifunga mwenyewe na kulituma, akiwa amepanga nguo kwa uzito, nzito chini. Mwaka na miezi minane baadaye mama mkwe alifariki. Fundi alisafiri, akazika na wenzake, akakaa siku tatu. Siku ya kuondoka mkewe alimwambia kuna vitu vya mama vinahitaji kupangwa, hajui itachukua muda gani. Alisema hivyo akimtazama usoni, akangoja kidogo. Fundi akasema sawa.

Sasa ilikuwa imetimia miezi kumi na mmoja tangu sawa hiyo. Walizungumza kwenye simu kila Jumapili saa kumi, juu ya mvua, juu ya paa, juu ya mtungi wa gesi. Hakuna aliyemwambia mwenzake rudi, wala nakuja. Kandambili za mkewe zilibaki mlangoni. Fundi alizisogeza kila Jumamosi apate kufagia, kisha akazirudisha palepale, vidole vikielekea ndani. Pazia la sebuleni hakulifua, kwa kuwa mkewe alikuwa na namna yake ya kulichomoa kwenye vishikizo, na yeye, mtu anayefungua springi nyembamba kama unywele, aliogopa kulikosea.

Alipokwenda kwa mhariri kujaza karatasi ya kurasa za mwanzo, fundi hakujua kwamba kitabu cha mizani kinaruhusiwa kuwa na mtu ndani yake. Mhariri alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, mwenye miwani aliyoiweka juu ya kichwa na kuitafuta mezani. Alimpitisha katika visanduku vya karatasi hiyo kimojakimoja: jina la kitabu, haki miliki, tabaruku, yaliyomo, shukrani, utangulizi. Kwenye tabaruku fundi alisimamisha kidole.

“Hapa mzee wangu unaweza kupaacha,” mhariri alisema. “Wengi wa vitabu vya ufundi hupaacha.”

Fundi alisema hapaachi.

Wiki ileile alileta jaribio la kwanza, ukurasa mzima. Alimshukuru mkewe kwa kumfundisha majina ya misumari, kwa kumpikia akiandika, kwa kushika tochi miaka ile umeme ulipokuwa ukikatika na mizani ya mteja iko wazi mezani. Mhariri aliusoma wote, kisha akaupeleka upande wa pili wa meza. Hizi ni shukrani, alieleza, na zitakaa vizuri nyuma ya yaliyomo, pamoja na chuo na mkuu wa soko. Shukrani hueleza mtu alifanya nini. Tabaruku haielezi, humkabidhi mtu kitabu, basi. Akikabidhiwa kitu kwa maelezo marefu, ataona kama anaandikiwa risiti.

Fundi aliielewa risiti. Akaenda, akarudi na la pili, ambalo alikuwa ameazimwa na mwenzake wa karakana, bwana mmoja aliyejiita Malenga na ambaye kadi za harusi za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Tabaruku hiyo ilimwita mkewe ua la moyo, taa ya maisha na manukato yasiyokwisha.

Mhariri alishusha miwani puani. “Mkeo ukimwita ua, atageuka?”

Fundi alifikiri kwa haki. “Atageuka kuangalia nani ameingia.”

La pili likaishia hapo. La tatu aliliandika kwa lugha ya mama yake. Lilimtoka kwa dakika tano, jikoni, wakati maji yakichemka: mistari mitatu mifupi, na alipoimaliza alisimama, akazima jiko, hakunywa chai. Mhariri hakuijua lugha hiyo. Alimwomba amwambie maana, na fundi akajitahidi, akitazama dirishani. Ilihusu mtu anayeingia nyumbani na kukuta kila kitu mahali pake, kisha anakaa chini akijua kuna kilichopungua, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hawezi kusema ni kiasi gani. Ilikuwa nzuri zaidi ya hapo, alisema. Hapa imechujuka.

Mhariri aliitazama tena ile mistari mitatu. Kisha akauliza kama mkewe anaisoma lugha hiyo.

“Anajua salamu,” fundi alisema. “Na tusi moja.”

“Basi mzee wangu, hapa utakuwa unawaambia nduguzo habari zake. Yeye ataona mistari mitatu ya wageni katika kitabu chake mwenyewe.”

Fundi aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. Alijiona amesimama jikoni na simu, na mtu mlangoni ameshika kitambaa cha vyombo.

La nne aliliandika kwa Kiswahili anachokiweza, na akalipenda, kwa kuwa lilikuwa fupi na la kweli. Lilisema: Kwa mke wangu, ambaye makosa yake hayazidi yanayoruhusiwa. Kila mizani duniani ina kosa, na sheria huweka kiwango cha kosa linaloruhusiwa. Mizani ikiwa ndani ya kiwango hupigwa muhuri na kuheshimiwa. Fundi hakuwahi kumsifu mtu kwa sifa kubwa kuliko hiyo. Mhariri alijitahidi kukaza uso. Mpanga kurasa, kijeba mwenye kalamu sikioni aliyekaa meza ya nyuma, hakujitahidi. Alitoka nje, akasikika ukumbini akicheka na ukuta.

“Akiisoma mama,” binti yake alimwambia jioni hiyo kwenye simu, “atakaa kule kule mpaka apate mjukuu wa mjukuu. Baba, kwani ni lazima?”

Fundi alisema ni lazima. Binti aliuliza kwa nini basi asimpigie mama yake tu amwambie anachotaka.

“Nikimpigia,” fundi alisema, “nitauliza mtungi wa gesi.”

Wakati huohuo likazuka jambo la karatasi. Kitabu huchapwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita, mpanga kurasa alieleza, akimwonyesha fundi kwa kukunja karatasi moja kubwa mara tatu. Kitabu cha mizani kilijaa mafungu tisa barabara, kurasa mia moja arobaini na nne, bila tabaruku. Tabaruku ingekula kurasa mbili, wake na ule mtupu wa nyuma yake, na kwa ajili ya kurasa mbili hakuna mkuu atakayekubali fungu la kumi, ambalo lingekuja na kurasa nyingine kumi na nne zisizo na la kusema. Kitu kitoke. Mpanga kurasa alipendekeza kwa upole kwamba mara nyingi kinachotoka ni tabaruku, kwa vile haiathiri matumizi ya kitabu.

Fundi aliomba orodha ya kurasa akaipitia na kidole. Jedwali la mawe ya kupimia halikutoka. Mchoro wa springi haukutoka. Mwishoni kabisa palikuwa na kurasa mbili zenye picha yake amevaa tai ya kuazima, na habari za alikozaliwa, alikosoma, na vyeti vyake saba.

“Toa huyu,” alisema.

“Huyu ni wewe, mzee.”

“Namjua. Toa.”

Mafungu yakabaki tisa. Lakini nafasi ilipopatikana, maneno hayakuwepo, na Ijumaa kurasa zilitakiwa kuondoka. Alhamisi mchana fundi alikaa kwenye benchi la ukumbini pale shirika, karatasi ya kurasa za mwanzo magotini. Kwenye kisanduku cha tabaruku aliandika, kwa herufi zilezile alizotumia kwenye kadi za ukaguzi: Kwa mke wangu. Akaitazama. Ilikuwa safi, haikuwa na uongo, na mwanamume yeyote aliyeoa angeweza kuitia saini. Aliona aibu mhariri aliyejisumbua naye mwezi mzima asije akadhani amechoka njiani. Hivyo chini yake, kwenye mstari mwembamba uliotengwa kwa maelezo kwa mhariri, akaeleza: Mengine nitamwambia mwenyewe. Akaiacha karatasi dirishani akaenda sokoni, ambako muuza mchele alikuwa akimngoja na mizani iliyopendelea upande wake.

Mpanga kurasa alikuwa na usomaji wake wa Waraka wa Nne. Tabaruku haihaririwi. Kilichoandikwa kwa mkono wa mwandishi pale pa tabaruku hupangwa kama kilivyo, na mstari ule ulikuwa mwembamba kiasi cha kutoonekana chini ya herufi kubwa za fundi. Alipanga yote mawili, moja chini ya lingine, theluthi moja kutoka juu ya ukurasa, kwa herufi wima, kwa kuwa za mlazo zilimkera.

Ijumaa asubuhi fundi aliitwa kupitia kurasa za majaribio. Alikuja na miwani ya kazini. Alizikagua moja baada ya nyingine kwa kalamu nyekundu, akakamata desimali iliyohama kwenye ukurasa wa sabini, na alipofika wa tano, ambao alikuwa ameuruka makusudi ili auache mwisho, akakuta:

Kwa mke wangu.
Mengine nitamwambia mwenyewe.

Alichora mstari mwekundu juu ya maneno ya pili mara moja, kwa mkono wa mtu aliyeona uchafu kwenye sahani ya mizani. Pembeni akaweka alama ya kufuta. Kisha akamwita mhariri amwonyeshe, kwa adabu, kwamba haya yalikuwa maelezo yake kwa ofisi.

Mhariri aliinama juu ya ukurasa. Mpanga kurasa aliitwa, akaja, akaeleza Waraka kwa kirefu, akaambiwa arudi mezani kwake.

“Mimi siruhusiwi kuhariri tabaruku,” mhariri alisema. “Naruhusiwa kusahihisha kosa. Hivyo wewe niambie, mzee wangu. Hili ni kosa?”

“Halikukusudiwa.”

“Sijauliza hilo. Nimeuliza, ni kweli au si kweli?”

Fundi alivua miwani. Swali hilo alilijua. Alilitumia yeye mwenyewe kila siku kwa watu waliotaka kumweleza mizani yao ilivyofika ilipofika. Historia ya mizani haimhusu mkaguzi. Huweka jiwe la kilo moja, akaangalia sindano inasimama wapi.

Aliangalia. Maneno ya pili yalikuwa yake kuliko yote aliyoandika mwezi ule. Hakuyaazima kwa Malenga, hakuyachuja kutoka lugha ya mama yake. Yalisema ana kitu, na yalisema atakisema, na hapo ndipo jasho lilipomtoka, kwa kuwa kitabu kikishachapwa, nakala elfu moja zitajua kwamba bado hajakisema. Kufuta kulikuwa salama. Kwa mke wangu, nukta, na Jumapili saa kumi wangezungumza juu ya paa.

Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kiufundi, maneno yaliyokwisha kufutwa hurudishwaje.

Mhariri alimwonyesha. Huandiki upya. Unaweka vitone chini ya maneno yaliyokatwa, kitone kwa kitone mpaka mwisho wake, na pembeni unaandika ibaki. Mchapaji akiona vitone hujua kwamba mstari wa juu yake ulikuwa woga tu.

Fundi alivaa miwani. Aliweka vitone kumi na viwili kwa nafasi sawa. Akaandika ibaki, akatia saini, na kwa mazoea akaandika na tarehe na saa.

Kitabu kilipotoka alipewa nakala kumi. Ya kwanza aliifunga kwenye karatasi ya kaki, kamba mara mbili, akaipeleka posta mwenyewe. Binti yake aliuliza kama ameweka barua ndani. Fundi alijibu kwamba mle mna kurasa mia moja arobaini na nne, atakayetaka kusoma atapata la kusoma.

“Baba, mama anachukia mizani.”

“Anajua kufungua kitabu.”

Siku zikaenda. Alienda ghalani, akarudi. Alifika mlangoni kila jioni na kila jioni alitazama kandambili kabla ya kutazama kitasa. Alianza kufanya jambo ambalo asingemwambia mtu: akiwa peke yake njiani alijisemesha kwa Kiswahili, sauti ya chini, akijaribu mengine yale. Alianza na lile la mtu anayeingia nyumbani na kukuta kila kitu mahali pake. Lilikataa kwa siku mbili. Siku ya tatu, karibu na kituo cha mafuta, lilikubali nusu. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo alimpisha njia kwa uangalifu.

Jumapili, saa kumi, simu ililia. Walisalimiana. Mvua kule ilikuwa imenyesha, huku hapana. Fundi hakuuliza habari za gesi, na pengo la swali hilo lilisikika pande zote mbili.

“Kitabu kimefika,” mkewe alisema.

“Kimefika salama?”

“Pembe moja imekunjika.”

“Ni posta hao.”

“Nimesoma ukurasa mmoja.” Kutoka nyuma yake ilisikika redio ya mtu, mbali. “Mengine ni yapi, Fundi?”

Fundi alikuwa amesimama sebuleni, mbele ya pazia. Alishika ncha yake kwa vidole viwili. Lilikuwa zito kwa vumbi. Alifungua mdomo, na la kituo cha mafuta likaja hadi kwenye meno likasimama.

“Si ya simu,” alisema.

“Ni mengi?”

“Sijayapima.”

Upande wa pili kikasikika kitu kidogo ambacho, kwa mtu aliyezoea kusoma sindano, kilikuwa cheko lililozuiwa kwa kiganja. Mkewe akasema, “Haya.” Akasema tena, polepole zaidi, “Haya,” na akakata, bila kuuliza juu ya paa.

Waraka wa Nne haujarekebishwa. Bado umebandikwa ukutani pale shirika, muhuri wake ukipauka, na bado unatamka kwamba tabaruku si barua na haingoji jibu. Jibu lilifika siku ya kumi na mbili tangu kifurushi kitoke posta, saa tisa alasiri, likiwa na mabegi mawili. Lilivua viatu mlangoni, likavaa kandambili, na kabla ya kuketi likauliza ni nani aliyeamua kwamba pazia hili halifuliwi.